Laini nimebadili, akaunti zangu zinafunguka: nilivyojipanga Maskati

Nilipopata kazi Maskati nilijua namba yangu ya Tanzania haitakuwa namba yangu ya kila siku, na hata ile ya Oman ningeiacha mkataba ukiisha. Barua pepe, Facebook na hifadhi ya picha za familia zote zilikuwa zinatuma namba ya siri kwa meseji. Kwa hiyo kabla ya kusafiri niliamua jambo moja: pale inapowezekana, kuingia kwenye akaunti kusitegemee laini.

Njia niliyotumia ni programu ya kutoa namba za kuthibitisha, kama Google Authenticator au Aegis. Wengi hudhani inapokea namba kutoka mtandaoni, lakini haipokei chochote. Siku ya kuiunganisha, akaunti huipa simu ufunguo wa siri. Baada ya hapo simu huchanganya ufunguo huo na saa yake na kutoa tarakimu sita, ambazo hubadilika kila sekunde 30. Akaunti nayo inapiga hesabu hiyohiyo upande wake. Ndiyo maana hata simu isiyo na laini wala bando inatoa namba sahihi.

Nilianza na Google. Kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti, sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, nilichagua programu ya kuthibitisha na msimbo wa QR ukatokea kwenye kompyuta. Kabla ya kubonyeza kuendelea, niliuskani kwa programu hiyo kwenye simu yangu, kisha kwenye simu ya zamani niliyokuwa nimeiweka kabatini. Zote mbili zikaonyesha tarakimu zilezile kwa wakati mmoja. Halafu nikabonyeza "Can't scan it?", ufunguo ukaonekana kwa maandishi, umegawanywa makundi ya herufi nne nne. Nikaunakili kwa mkono kwenye daftari. Ufunguo huu hauna sifuri wala moja, kwa hiyo ukiona kitu kinachofanana na sifuri ni herufi O. Daftari hilo nalitunza pamoja na pasipoti, maana anayeupata ufunguo anaweza kutoa namba kama mimi.

Kisha nikachukua namba za akiba, za kuingilia siku simu isipokuwepo. Google inakupa kumi, kila moja inatumika mara moja tu, na ukitengeneza seti mpya ile ya zamani inakufa yote. Nilizichapisha, nakala moja ikabaki kwa mama Tanga.

Namba ya simu niliiondoa mwishoni kabisa. Nilifungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, nikaingia kwa nywila na tarakimu za programu, na nilipoona imekubali ndipo nikaifuta namba, pamoja na ile iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha akaunti. Hiyo ya pili watu huisahau. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni huweza kumpa mtu mwingine namba yako, na meseji zako za kurejesha akaunti zitamfikia yeye.

Kuna hitilafu moja inayowapata hasa wasafiri. Kijana mmoja tunayeishi naye alifika kutoka Zanzibar, jioni hiyo akaniita: "Kaka, kila namba ninayoweka inakataliwa, na nywila ni sahihi." Nikamwomba anionyeshe mipangilio ya saa. Hakuwa na bando, hivyo alikuwa ameisogeza saa mbele kwa mkono ili ilingane na ya Oman, lakini ukanda wa saa ulibaki wa Afrika Mashariki. Kwa macho saa ilisomeka sawa, ila programu hutumia saa moja ya dunia nzima, ambayo simu huikokotoa kutoka saa yake na ukanda wake, na kwa hesabu hiyo simu yake ilikuwa saa nzima mbele. Tukachagua ukanda wa Maskati na kurudisha saa ya kujiweka yenyewe. Tarakimu zilizofuata zikakubaliwa.

Palipobaki na meseji ni benki yangu ya nyumbani na pesa za simu, kwa sababu hawatoi njia nyingine. Hapo siwezi kuikwepa laini, kwa hiyo naitunza. Romingi niliiwasha nikiwa bado Tanzania, nikaijaribu mara tu nilipotua. Laini hiyo inakaa tundu la pili la simu, data yake nimeizima ili isinile salio, na kila mwezi natuma kutoka kwake meseji moja na kumwomba ndugu yangu aniwekee vocha, isije ikahesabiwa imelala. Meseji ya benki ikichelewa, nazima na kuwasha hali ya ndege, kisha nachagua mtandao mwingine wa Oman kwa mkono. Mara nyingi inaingia ndani ya dakika chache, ingawa wakati mwingine muda wake unakuwa umeshapita na inabidi niombe nyingine.