Kurjeti chungu zilivyonilaza kitandani

Mimi na bustani yangu hapa Bukavu usitutenganishe. Mwaka jana nikasema sinunui tena mbegu, nikaacha kurjeti moja ikomae mpaka ikauke, nikatoa mbegu zangu bure kabisa. Jirani alikuwa amepanda kwenye ua vile viboga vidogo vya mapambo, vya rangirangi, vya kuweka tu juu ya meza. Sikuwaza kitu.

Msimu uliofuata kurjeti zikatoka nzuri ajabu. Bibi yangu akapika, akaonja, akatema palepale: "Papa, hii haliwi." Nikaona anadharau shamba langu. Nikachukua sufuria mwenyewe, nikamwaga maji, nikachemsha upya, nikaongeza chumvi, tomati ya kopo nzima, sukari, pilipili, na uchungu bado uko palepale, tena kama umekasirika. Papa mukubwa amekaa pembeni ananitia moyo: "Kula wewe, chungu ni dawa, kinini si chungu? Mubirizi si chungu?" Basi nikamaliza sahani kwa kiburi, machozi yananitoka.

Saa moja haikuisha. Tumbo likakamata, nikatapika, nikaharisha mpaka nikaona damu. Kwenye kituo cha afya presha imeshuka, wakanitundikia serumu, muganga akasema dawa ya kufuta sumu hii haipo, wao wanarudisha maji mwilini tu. Dola ishirini na kitu, pikipiki mbali. Na mbegu za duka ni franga ngapi jamani?

Sumu yenyewe inaitwa kukurbitasini. Mimea ya ukoo wa maboga inaitengeneza ili wadudu wasiile, na hizi tunazokula watu walizichagua vizazi na vizazi mpaka uchungu ukaisha, lakini viboga vya mapambo bado vinayo. Nyuki akabeba unga wa ua la jirani akaleta kwa ua langu. Kilichonidanganya ni kwamba kurjeti za msimu ule wa kwanza tulizila tamu kabisa, uchungu ulikuwa unasubiri ndani ya mbegu. Na moto hauiharibu, kwa hiyo kuchemsha kwangu kote kulikuwa kupoteza makala. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee wa miaka 79 alikufa kwa kurjeti za bustani ya jirani, bibi yake alikula kidogo tu, akapona.

Karela mniachie, ile uchungu ni wa kuzaliwa nao. Konkombre ikikosa maji kwenye jua inaweza kuwa chungu kidogo upande wa kikonyo na kwenye ganda, unakata ncha, unamenya. Ikiwa chungu mpaka katikati, tupa.

Mimea yote niling'oa, mbegu nikachoma. Sasa kila kurjeti, moja moja, nakata kipande kama ukucha, kibichi, nakigusisha ulimini, natema. Bibi yangu anacheka mpaka leo.

Halafu nikiwa na sindano mkononi njo nikakumbuka: Papa mukubwa siku ile hakugusa hata kijiko.