Jinsi nilivyomaliza mgomo wa leja stoo ya dawa

Kituo chetu cha afya kiliingiza stoo kwenye kompyuta, lakini mama wa stoo aliendelea kujaza leja yake na kuuacha mfumo bila kuugusa. Wengi walisema anaogopa kompyuta. Mimi nilimuuliza tu: leja inakupa nini?

Akanifungulia ukurasa wa dawa mseto. "Kosa nalikata mstari mmoja, mwanangu, naweka sahihi. Mkaguzi akija, naonekana niko safi. Humo ndani mtu akibadilisha namba, nitajuaje?"

Hoja nzito. Wote walikuwa wakiingia kwa nywila moja! Nikampa kila mmoja yake, nikafunga ruhusa ya kufuta: kosa linarekebishwa kwa ingizo jipya lenye sababu na jina. Kila jioni tukawa tunachapa salio, yeye anasaini na kuweka kwenye faili. Umeme ukikatika, anaandika fomu ya karatasi yenye namba, kisha anaiingiza ukirudi.

Salio la kuanzia hatukulitoa kwenye leja. Tulihesabu rafu pamoja, bechi kwa bechi na tarehe ya kuisha muda. Mseto leja ilisema boksi 40, rafuni 34. Sita zilikwenda wodini usiku bila hati ya kutolea. Hapo ndipo alipolainika, kwani sasa mfumo ungeonyesha nani kachukua.

Leja tuliifunga mwisho wa robo, baada ya hesabu kulingana miezi miwili mfululizo. Wodi ya usiku bado inanung'unika.