Unajisikia?

Jana jioni binti yangu alikuwa akiongea na shangazi yake kwa video, mara akanyamaza na kuisogeza simu mbali na uso. "Baba, sauti yangu inanirudia." Nikamwambia amwombe shangazi azime maikrofoni yake kidogo. Shangazi akazima. "Imeacha!" Wakaendelea na mazungumzo yao, mimi nikabaki nimeshika sahani niliyokuwa nikiipangusa.

Siku ile sikulijua hata hilo dogo.

Ulikuwa mkutano, na tulikuwa tunawasilisha wawili, mimi ukumbini, mwenzangu kwenye skrini. Sehemu ya tatu, ya makosa ya vipimo, ilikuwa yake tangu mwanzo. Mimi niliielewa kwa kuelezwa naye. Asubuhi tulijaribu mitambo. "Dada, unanisikia?" "Nakusikia. Na wewe?" "Vizuri kabisa." Tukaridhika. Baada ya hapo fundi wa sauti akajaribu video ya ufunguzi, na kwa kuwa programu ya mkutano ilikuwa ikiukatakata muziki wake, akazima mpangilio wa kuondoa mwangwi. Hakuna aliyerudi kumjaribu mwenzangu.

Sehemu mbili za kwanza zilipita salama. Nikamtaja jina, nikamkaribisha.

Alianza vizuri kwa maneno matatu au manne. Kisha akaanza kuvuta silabi, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Vipi-i-mo hivi..." Akasimama. Akarudia. Akasimama tena. Sauti yake ukumbini ilikuwa safi, haina mkwaruzo wala mwangwi, na ndiyo maana sote tulimtazama yeye badala ya kuitazama mitambo. Akasema, "Samahani, sauti..." Nami nikamkatiza kwa upole kabisa: "Tunakusikia vizuri, dada, endelea." Akajaribu tena, ulimi ukagoma. Mtu wa mstari wa mbele akainamia karatasi zake, kwa ile haya ya kumwonea mtu huruma. Nami nikaamini kwamba hakujiandaa. Nikashika maikrofoni: "Labda nimsaidie mwenzangu." Kwenye skrini, alama ya maikrofoni yake ikageuka nyekundu. Hakusema tena.

Nilimaliza sehemu yake kwa dakika sita, nikiruka jedwali ambalo ni yeye tu aliyeweza kulieleza.

Wakati wa mapumziko fundi ndiye aliyegundua. Kompyuta ya mkutano ilikuwa imeunganishwa kwa nyaya mbili na miksa, mtambo unaochanganya sauti zote za ukumbi. Mmoja ulipeleka sauti ya mwenzangu kwenye miksa ili itoke kwenye spika za ukumbi. Wa pili ulirudisha kwenye kompyuta mchanganyiko wote wa miksa ili walio mbali watusikie. Ndani ya mchanganyiko huo alikuwemo na yeye mwenyewe. Kila alichosema kilifika ukumbini, kikazunguka kwenye miksa, kikamrudia masikioni kikiwa kimechelewa. Sisi hatukuweza kukisikia, kwa sababu programu haimrudishii mtu sauti aliyoituma mwenyewe: kilichotoka ukumbini kilikwenda kwa walio mbali tu. Ukisikia mwangwi wako, mara nyingi kosa liko upande wa pili, na wa upande wa pili hasikii kitu.

Kuhusu ulimi kukwama, nilikuja kusoma baadaye. Mtu akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa kama milisekunde 200, moja ya tano ya sekunde, hurefusha silabi, hurudia maneno, hupunguza kasi. Ubongo hutegemea sikio kuongoza kinywa. Humpata hata msemaji hodari aliyejiandaa usiku kucha.

Fundi alizima maikrofoni ya ukumbi kwenye programu, akamwomba mwenzangu ahesabu hadi kumi. Akahesabu bila kukwama hata mara moja. Akaiwasha tena: alipofika tatu akaanza kuvuta. Kisha kwenye miksa akapunguza hadi sifuri sauti ya kompyuta katika njia ile inayorudi kwenye kompyuta, akaacha maikrofoni zetu peke yake. Akahesabu tena, safi. Kazi nzima haikufika dakika mbili. Hata mimi, bila kuigusa miksa, ningeweza kuizima maikrofoni ya ukumbi kila anapoongea yeye, kwa kubonyeza mara moja.

Siku hizi nikijaribu mitambo na mtu wa mbali namuuliza swali la tatu. "Unajisikia?" Wengi hunijibu kwamba wako salama, hawajambo, na hunibidi nieleze: unaisikia sauti yako mwenyewe? Asubuhi ile tuliulizana kila mtu kuhusu mwenzake.

Tumewasilisha pamoja mara mbili tangu hapo, naye hajawahi kulitaja. Mimi nimewahi kumwomba radhi kwa ajili ya waya. Kwa ajili ya zile sekunde nilizoamini kwamba hakujiandaa, bado. Muhtasari wa mkutano ule unaonyesha sehemu ya tatu chini ya jina langu, na binti yangu jana aliniuliza kwa nini nimeacha kupangusa vyombo.