Kabla ya kulipa stempu ya mkataba wa fremu, nilidai mchanganuo

Nilipopata fremu ya duka Morogoro, mkataba wa pango uliandikwa wa miaka miwili, shilingi 400,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Jamaa anayewashughulikia wafanyabiashara mambo ya TRA akanitumia ujumbe: "Stempu 1,056,000, tuma leo mkataba usichelewe." Kuchelewa ni kweli kuna tatizo, kwa kuwa mkataba unatakiwa ulipiwe ndani ya siku 30 tangu usainiwe. Ila mimi ndio kwanza nilikuwa nimeusaini, kwa hiyo nikamwambia anipe mchanganuo kwanza.

Alichotuma kilikuwa vitu viwili vilivyojumlishwa: asilimia 1 ya 9,600,000, yaani 96,000, na asilimia 10 ya hiyo hiyo 9,600,000, yaani 960,000.

Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Yeye alipiga kwa miaka yote miwili. Pango langu la mwaka ni 4,800,000, kwa hiyo stempu ni 48,000, basi.

Ile asilimia 10 ni kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anaikata kwenye pango analomlipa mwenye nyumba na kuipeleka TRA kwa niaba yake. Inakatwa pango linapolipwa. Nilikuwa nalipa miezi sita, 2,400,000, hivyo zuio lilikuwa 240,000, na mwenye nyumba alitakiwa apokee 2,160,000. Yule jamaa alitaka nilitoe mfukoni mwangu, tena la miaka miwili ambayo sijailipia.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana wenye nyumba wengi hutaja bei ya "mkononi". Kama mkataba ungesema anapokea 400,000 safi baada ya kodi, pango halisi lingekuwa 444,444 kwa mwezi, na stempu ingepanda hadi kama 53,300. Nikausoma tena wangu: "kodi ya pango ni shilingi 400,000 kwa mwezi," hakuna neno "baada ya makato". Nikampigia mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Kwenye ile hela ya miezi sita natakiwa nikate zuio."

"Marahaba. Zuio ni lako wewe mwenye biashara, bwana."

"Hapana mzee, ni kodi ya pango lako. Mimi naifikisha tu, na cheti cha zuio nakuletea."

Alinuna kidogo, akasema nilete hicho cheti kwanza akione.

Nikaenda mwenyewe ofisi ya TRA na mkataba na TIN. Ofisa aliangalia muda na pango, akaandika 4,800,000, akanitolea namba ya malipo ya 48,000 kwa stempu na nyingine ya 240,000 kwa zuio. Nilihakikisha kila moja imeandikwa aina yake ya kodi ndipo nikalipa, kisha mkataba ukagongwa muhuri. Muhuri huo usipokuwepo, mkataba haupokelewi mahakamani kama ushahidi siku mtakapogombana. Mzee alipokiona cheti alikikunja akakitia mfukoni, akapokea 2,160,000 yake.