Nilivyopigania milioni 60 nikabaki na 24, na mkaguzi akasaini

Mtu wa kwanza kunipotosha alikuwa mhasibu mwenzangu, tena mzoefu. Aliniambia "we bidhaa ikishafanikiwa, weka gharama zote kwenye mizania, mbona rahisi". Nikamsikiliza, mjinga mimi.

Kampuni yetu ilikuwa inatengeneza kifaa cha kuwasha na kuzima pampu ya maji kutokana na unyevu wa udongo. Kuanzia Januari hadi Oktoba tulitumia kama milioni 60 hivi, sehemu kubwa mishahara ya mainjinia. Bosi alizitaka zote ziwe mali isiyoshikika ili faida ya mwaka isizame, nami nikaziingiza zote na nikalala usingizi mnono.

Mkaguzi alipokuja hata hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Tarehe gani?" Nikamwambia mradi ulianza Januari. Akasema hapana, tarehe gani mlijua kwamba kitafanya kazi, na hela ya kukimalizia mnayo? Nikabaki namtazama.

IAS 38, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali zisizoshikika, iko wazi kwenye hili. Hatua ya utafiti, yaani bado unatafuta njia na unalinganisha vihisi, ni gharama ya mwaka huohuo, hakuna mjadala. Ikifika hatua ya uendelezaji unaiweka kwenye mizania, ila lazima uthibitishe mambo sita: kitaalamu inawezekana, una nia ya kumaliza, unaweza kukitumia au kukiuza, kitaleta manufaa, una rasilimali za kumalizia, na gharama zake unaweza kuzipima. Yote sita, hata moja likikosekana hupiti. Na ukishindwa kutenganisha hatua hizo mbili, zote zinahesabiwa utafiti.

Jaribio langu la pili ndio aibu kabisa. Nilimwomba injinia mkuu anikadirie, akajibu "weka asilimia 70 uendelezaji", nikaandika 70 kwenye Ekseli. Mkaguzi akauliza 70 imetoka wapi. Imetoka kwenye WhatsApp, ningesema nini tena?

Basi nikaanza kuchimba makaratasi. Mwezi Mei kifaa kilikuwa bado kinaingia maji na kusoma udongo mkavu kama tope, kwa hiyo mpaka hapo ni utafiti tu, hata kama mainjinia wenyewe walishaanza kukiita "bidhaa". Ripoti ya majaribio iliyoonyesha kimekaa shambani wiki tatu bila kukosea ilisainiwa tarehe 18 Juni. Nikashangilia, 18 Juni ndo tarehe yangu! Kumbe bado. Hela ya kumalizia ilipitishwa na bodi tarehe 9 Julai, na kabla ya hapo sharti la rasilimali lilikuwa halijatimia. Tarehe inayoshika ni ile ya sharti la mwisho. Kwa hiyo milioni 30 za kabla ya 9 Julai zikaenda kwenye gharama.

Kwenye 30 zilizobaki, milioni 3 zilikuwa matangazo ya uzinduzi, 2 mafunzo ya wafanyakazi na 1 kodi ya ofisi ya utawala. Zote zikatoka, haziruhusiwi. Ikabaki 24.

Shida ikawa kuthibitisha mishahara, maana mainjinia wetu hawajazi taimushiti hata uwape chai. Hapa ndo najisifu kidogo. Nikakumbuka kazi yao yote inahifadhiwa kwenye git, mfumo unaorekodi kila badiliko la programu, aliyelifanya na tarehe yake, nikaomba mmoja anitolee hii:

```
git log --since="2024-07-09 00:00" --date=short \
  --format="%ad %an %s"
```

Ikatoka orodha ya nani alifanya nini siku gani. Yenyewe haihesabu masaa, usije ukadanganyika, ila niliilinganisha na kalenda zao za vikao, nikajua nani alikuwa kwenye kifaa na nani alikuwa anahudumia wateja wa zamani, halafu kila injinia akasaini siku zake. Mkaguzi aliipitia kimya kama nusu saa hivi, akaipokea.

Kifaa kilikuwa tayari kutumika mwanzoni mwa Novemba. Bosi akataka tuanze kupunguza thamani siku tutakapouza cha kwanza, nikamkatalia, inaanza pale mali inapokuwa tayari. Tulikadiria maisha ya miaka 5, hivyo laki 4 kwa mwezi, na mwaka ule tukala laki 8 tu.

Mwaka uliofuata kifaa kikauza vizuri, bosi akaja na tabasamu: "Sasa si tuzirudishe zile 30?" Hazirudi. Gharama ya utafiti ikishaandikwa kama gharama huwezi kuja kuigeuza mali baadaye, hata kifaa kiuze namna gani. Alininunia siku mbili, ya tatu akaniuliza tarehe ya kikao cha bodi cha mradi mpya, eti tukiwahishe.