Bethdei za wateja wa saluni: nilivyoachana na "Mpendwa mteja"

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: kusanya namba zote, tengeneza orodha ya kutuma kwa mkupuo kwenye WhatsApp, piga ujumbe mmoja, subiri saluni ijae. Nikaufuata kwa moyo mmoja. Nilituma kwa watu kama 140, na mpaka jioni waliojibu hawakufika kumi, tena wawili kati yao walikuwa wananiuliza mimi ni nani.

Sababu niliijua baadaye. Ujumbe wa mkupuo wa WhatsApp humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na namba yake hakusaidii kitu. Na mteja wa kusuka hahifadhi namba ya saluni, anahifadhi ya msusi wake. Kwa hiyo siku hizi mteja akishakaa kitini namwomba anitumie neno lolote, hata "mambo", kwa WhatsApp palepale, kisha namwambia, "Nisevu, dada, ili nikikuandikia unijue." Hapo nimepata namba sahihi bila kuiandika kwa mkono, na yeye amenipata.

Kumbukumbu zenyewe naziweka kwenye Google Sheets ya simu. Daftari la karatasi halina ubaya, ila haliwezi kukwambia nani ana bethdei wiki ijayo. Nilianza na safu kumi na sita, nikamaliza na nane, kwa sababu safu usiyoijaza mteja akiwa bado mbele yako haijazwi tena. Nazo ni jina analopenda kuitwa, simu, siku, mwezi, nywele, salamu, kimya hadi, na mara ya mwisho. Simu ianze na +255, na safu yake uiwekee mpangilio wa maandishi matupu (Plain text), la sivyo ile + ya mwanzo inaliwa, kama vile 0712 inavyogeuka 712.

Sasa hapa kwenye siku na mwezi ndipo nilipochekwa. Mwanzoni nilikuwa na safu moja tu ya tarehe, naandika 7/3 kama tunavyoandika sote. Mteja wa tarehe 7 Machi nikamtakia heri tarehe 3 Julai, kwa maneno matamu na maua matatu. Akanijibu, "Asante mpenzi, ila mimi nilishazeeka tangu Machi."

Faili lilikuwa limewekwa kwa mpangilio wa Marekani, na huko mwezi hutangulia siku. Ubaya wake ni kwamba kosa halionekani kwa wote. Tarehe 25/3 haina mwezi wa 25, kwa hiyo inabaki kama maandishi na kulalia kushoto mwa kisanduku. Tarehe 7/3 inakubalika, inalalia kulia, na ni uongo mtupu. Ukiona safu yako ya tarehe nyingine zimelalia kushoto na nyingine kulia, ujue zilizolalia kulia zimegeuzwa. Unaweza kubadilisha kwenye kompyuta, File, Settings, Locale, uchague United Kingdom, lakini zilizokwisha kugeuka hazijirudi zenyewe.

Dawa yangu ni ya kijinga, na inafanya kazi: siku ina safu yake, mwezi una safu yake, namba tupu. 7 hapa, 3 pale. Mwaka siuulizi kabisa. Nilipokuwa nauliza mwaka, nusu ya wateja walicheka na kukataa, na waliobaki nadhani walinidanganya. Ukiuliza "tarehe na mwezi tu, mwaka baki nao," hata bibi wa miaka sabini anataja.

Siku ikiwa C, mwezi D, fomula hii inahesabu siku zilizobaki kufika bethdei:

```
=IF(C2="","",DATE(YEAR(TODAY())+(DATE(YEAR(TODAY()),D2,C2)<TODAY()),D2,C2)-TODAY())
```

Iandike mara moja kwenye safu ya tisa, uiburute hadi chini. Bethdei ikiwa leo inaonyesha 0, ikiwa ilipita jana inakwenda hadi mwakani. Ikikutolea tarehe badala ya namba, badilisha mpangilio wa safu uwe Number. Aliyezaliwa 29 Februari, mwaka usio mrefu atatokea 1 Machi, na wengi wao wameshazoea. Mara ya mwisho naandika kwa mtindo wa 2025-03-14, ambao hauna namna ya kugeuzwa.

Safu ya nywele ndiyo inayoleta pesa, wala si bethdei. Usiandike "anapenda rasta." Andika kitu ambacho msusi mwingine akikisoma atasuka bila kuuliza: "Rasta 1B, vidole viwili chini ya bega, saizi ya kalamu. Nywele za mbele laini, usivute. Rasta mpya zinamwasha, loweka kwenye maji na siki usiku mmoja, suuza, anika. Chai bila sukari. Anapenda kiti cha dirishani." Nikiwa na hayo, ujumbe unajiandika. Tuseme Mama Salma alisuka wiki sita zilizopita. Namwandikia: "Mama Salma, shikamoo. Rasta zako zimetimiza wiki sita, mizizi imeshaanza kujikunja. Nimeloweka za 1B, njoo Alhamisi asubuhi kabla ya foleni." Hakuna punguzo, hakuna picha ya keki iliyopakuliwa. Anakuja, kwa sababu anajua siki ile ni yake.

Na siku ya bethdei simwuzii kitu. Salamu tu, mapema kabla ya saa tatu, kwa jina lake, na jambo moja linalomhusu. Ukiambatanisha ofa, ameshajua ujumbe umetoka kwa biashara. Zawadi nampa akija mwenyewe: stimingi ya bure, gharama yake kwangu ni mafuta kidogo na umeme wa nusu saa.

Safu ya salamu ipo kwa kuwa si kila mtu husherehekea bethdei. Wapo wateja wangu Waislamu wanaoipenda na wapo wasioitaka kabisa, na siwezi kukisia kwa jina. Namwuliza, "Nikukumbuke siku gani?" Anasema Idi, au Krismasi, au siku ya mwanawe, naandika hivyohivyo. Akisema hapana, naandika hapana.

"Kimya hadi" niliiongeza baada ya kumwandikia mteja "njoo upendeze" akiwa kwenye eda. Mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi bila kujipamba, na mimi huyo na maua yangu. Siku hizi nikisikia msiba, naweka tarehe pale, na kabla haijafika simtumii lolote la saluni. Pole naitoa kwa kupiga simu au kwa kwenda mwenyewe. Mteja aliyejifungua naye anaingia humo, wiki nane hivi, na wengi hurudi wakilalamika nywele za mbele zinakatika, kwa hiyo kwenye safu ya nywele naongeza "asisukwe kwa kukaza".

Jumapili usiku napanga safu ya tisa kuanzia ndogo, naangalia walio chini ya saba, kisha nachuja waliopitisha siku arobaini tangu mara ya mwisho. Wanakuwa watu wanane au kumi. Wote nawaandikia mmoja mmoja, dakika ishirini zinatosha. Faili liko kwenye akaunti yangu yenye neno la siri, na siku hizi wasusi wangu wanaliona bila kuweza kubadilisha. Kabla sijawazuia, mmoja aliwahi kupanga safu ya majina peke yake bila kuchagua nyingine, na kwa siku mbili kila mtu akawa na bethdei ya jirani yake. Historia ya matoleo ndiyo iliyoniokoa: kwenye kompyuta, File, Version history, nikarudisha la Ijumaa.