Nilivyoihariri hotuba ya baba mkubwa mwenye kigugumizi

Mdogo wangu alipokaribia kuagwa kwenda kuolewa, baba mkubwa ndiye aliyepaswa kusimama mahali pa marehemu baba na kuwapokea wakwe. Ana kigugumizi tangu utotoni. Alijirekodi kwa simu akisema yote aliyotaka kusema, akanitumia. "Nitengenezee yasomeke, mwanangu," aliniambia, "lakini yabaki maneno yangu."

Kazi ya kwanza ilikuwa kusikiliza tu. Niliandika kila neno la rekodi ile, kisha nikapiga mstari chini ya kila mahali alipokwama. Sikutaka kukisia sauti ngumu, maana hazifanani kwa kila mtu. Kwake zilikuwa k, t na p, na zilimsumbua hasa mwanzoni mwa sentensi, au anapoanza upya baada ya kuvuta pumzi. Akianza na "kijana" alikwama, lakini "huyu kijana" lilipita vizuri. Kwa hiyo sikuhitaji kuzifukuza k zote katika hotuba. Nilihitaji kulinda milango ya sentensi.

Sentensi iliyomtesa zaidi ilikuwa hii: "Kwa niaba ya familia nzima tunapenda kuwashukuru wakwe zetu waliotoka Tanga alfajiri kuja hapa kumchukua binti yetu." Inaanza na k, tena ni ndefu kiasi kwamba pumzi ilimwishia katikati, akalazimika kuanza upya kwenye neno gumu.

Katika Kiswahili kitenzi mara nyingi huanza na nafsi, na nafsi inabadilishika. "Tunashukuru" ina t mlangoni, "nashukuru" haina. Ila "nashukuru" sikuweza kuitumia, kwa sababu anasimama kwa ajili ya ukoo mzima na hapo si mahali pa mtu mmoja kujisemea. Nikaandika "familia inashukuru". Heshima ikabaki, na f anaitoa bila shida.

Shida iliyofuata ilikuwa kwenye kukata sentensi. Kila unapokata unazaa mwanzo mpya. Nikikata kabla ya "kumchukua", k inarudi juu ya mstari, na vitenzi vyetu vingi vya kueleza kusudi huanza na ku-. Njia niliyoipata ni kugeuza muundo, "kumchukua" ikawa "ili mumchukue". Mwishowe ikasimama hivi:

Wakwe zetu,
familia yote inawashukuru.
Mmeiacha Tanga alfajiri
ili mumchukue binti yetu.

Kila mstari ni pumzi moja, maneno mawili hadi matano, na unakatwa pale maana inapotulia. Nilichapa kwa herufi kubwa, nikaacha nafasi pana kati ya mistari, na hakuna mstari uliovuka ukurasa.

Viunganishi vilikuwa rahisi. "Kwa sababu" ikawa "maana", "pia" ikawa "vilevile". Lakini nilipoweka "hadhirina" aliikataa papo hapo. Hajawahi kulitumia neno hilo maishani, na neno geni nalo hukwamisha hata likianza kwa sauti laini. Tukarudi kwenye "ndugu zangu", lake la siku zote.

Majina hayana kisawe. Jina la mdogo wangu linaanza na P, na huwezi kumuaga mtu bila kumtaja. Tuliliweka nyuma ya "mwanangu", na nikaondoa mkato katikati yake. Mkato ungemfanya atue, kisha aanze upya kwenye P. Bila mkato, sauti ya "mwanangu" inaendelea moja kwa moja hadi ndani ya jina.

"Karibuni" alikataa nisiliguse. Alisema amechoka kuyakimbia maneno, na mtu anayepokea wageni lazima awakaribishe. Nadhani alikuwa sahihi kabisa. Ukimzoesha mtu kukwepa kila neno gumu, hofu yake ya maneno hayo inaongezeka. Kwa hiyo tulitumia jambo linalojulikana kuhusu kigugumizi: wengi hutamka bila kukwama wanaposema pamoja na wengine. Tuliandika, "Ndugu zangu, semeni nami," na ukoo wote ukajua kuitikia naye "Karibuni sana!"

Alisoma kwa sauti mara kadhaa mbele ya shangazi na mimi. Usomaji wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza, hivyo nilisubiri wa tatu kabla ya kubadilisha neno lolote. Pale alipoendelea kukwama ndipo palipohitaji kalamu. Mshereheshaji nilimwomba jambo moja, asimmalizie neno wala kumwambia atulie.

Siku yenyewe alikwama kwenye "mmeiacha", neno ambalo hatukulitilia alama hata kidogo. Alinyamaza, akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa mstari. Kwa kuwa mstari ulikuwa mfupi, hakuwa na mbali pa kurudi, akapita hadi "binti yetu".